Jinsi ya Kuandika Tangazo la Jiko Linalopunguza Makaa

Wauzaji wa majiko wanaofika kwangu kutaka bango au kipeperushi, wawe wametoka Kibuye, Kondele au soko la Luanda, huuliza maswali mawili kabla hata hawajaketi. La kwanza ni hili: "Niandike kwamba linaokoa asilimia ngapi?" La pili ni kama wanaweza kuandika kwamba jiko halina moshi. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyaandike mara moja, hatua kwa hatua, kwa ajili ya yeyote anayeuza jiko la makaa lililoboreshwa na anayetaka maneno ya kumfikia mnunuzi wa kawaida wa Kisumu, Nakuru au Kakamega.

Jibu fupi la swali la kwanza ni kwamba hujui asilimia hiyo mpaka upime. Jibu la swali la pili ni hapana, na sababu yake nitaieleza katika hatua ya tano, kwa kuwa hapo ndipo tangazo baya linapoweza kumuua mtu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika neno lolote

Tafuta mizani ya kidijitali ya kuning'iniza au ya mezani inayosoma hadi gramu 50 au chini ya hapo. Uwe na jiko unalouza na gunia moja la makaa makavu, yote kutoka kwa mchomaji mmoja, kwa sababu makaa ya mti mgumu na ya mti mwepesi hayawaki sawa. Tafuta nyumba tatu zilizo tayari kupika kama kawaida kwa siku sita huku zikipimiwa makaa. Kila nyumba iwe na mkebe wa bati wenye kifuniko wa kuzimia makaa yanayobaki, daftari na kalamu. Mwisho, chukua gorogoro ileile inayotumiwa na muuza makaa wa mtaa huo, wala si gorogoro nyingine, kwani zipo zilizobonyezwa chini kwa nyundo.

Hatua ya 1: Mchague mtu mmoja utakayemwandikia

Anayenunua makaa kwa gunia na anayenunua kwa gorogoro ni wanunuzi wawili tofauti, na hawawezi kuelezwa kwa sentensi moja. Wa gunia huhesabu siku: gunia lililokuwa likimaliza wiki tatu sasa linafika wiki ngapi? Wa gorogoro huhesabu sarafu za leo jioni. Katika mitaa kama Nyalenda, Manyatta, Kaptembwo na Bondeni, wengi ni wa gorogoro, nao ndio wanaolipa zaidi kwa kila kilo kwa sababu hununua kidogo kidogo. Mwongozo huu unamfuata mnunuzi huyo. Ukimwandikia mwenye hoteli anayechukua magunia mawili kwa mpigo, hatua zitakuwa zilezile lakini kipimo kitabadilika.

Mchague pia kwa kuangalia jiko alilo nalo sasa. Hapa ndipo wauzaji wengi hujidanganya bila kukusudia. Majiko yenye kikombe cha udongo ndani ya bati yameuzwa nchini tangu miaka ya 1980, na mafundi wa jua kali huyatengeneza karibu katika kila soko. Kwa hiyo mama unayemwandikia huenda aliacha jiko la bati tupu zamani. Kijikaratasi cha kiwandani kikisema jiko lako linapunguza makaa kwa kiasi fulani, jambo la kwanza la kuuliza ni: likilinganishwa na jiko gani? Ikiwa walililinganisha na bati tupu huku mteja wako akiwa na jiko la udongo, tofauti atakayoiona nyumbani itakuwa ndogo kuliko ulivyomwahidi, na atakuona mwongo ingawa ulinakili tu maneno ya mwenye kiwanda.

Hilo lilinipata mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilimchorea muuzaji mmoja bango lenye maneno "Okoa nusu ya makaa yako". Baada ya mwezi mmoja, mama mmoja alirudi na daftari la mwanawe la shule, akiwa ameandika kila gorogoro aliyonunua. "Baba, nusu iko wapi hapa?" aliuliza. Alikuwa amepunguza makaa kweli, lakini haikuwa nusu hata kidogo, kwani jiko lake la awali lilikuwa la udongo na lilikuwa zima. Muuzaji alimrudishia sehemu ya pesa, nami nikaanza kupima.

Hatua ya 2: Pima makaa jikoni, si dukani

Kuchemsha maji mbele ya duka kunavutia watu, lakini hakukuambii nyumba itatumia makaa kiasi gani, kwa kuwa nyumba hazipiki maji matupu. Hupika ugali unaotaka moto mkali kwa muda mfupi, na maharagwe au nyoyo zinazotaka moto wa polepole kwa saa nyingi. Jiko linaweza kufanya vizuri katika chakula kimoja na vibaya katika kingine. Kwa sababu hiyo pima siku nzima za upishi.

Kila asubuhi, mpe mpishi mfuko wa makaa uliopimwa, tuseme kilo 3, na mwombe achote humo peke yake. Kwa siku tatu apike kwa jiko lake la kawaida. Usimfundishe chochote katika siku hizo, wala usimwambie abane. Kila jioni makaa yaliyobaki jikoni yazimwe kwa kutiwa katika mkebe wenye kifuniko ili yakose hewa, kisha yapimwe pamoja na yaliyobaki mfukoni. Siku tatu zinazofuata apike vyakula vinavyofanana na vya mwanzo, kwa watu walewale, akitumia jiko jipya.

Kuna makosa mawili yanayoharibu kipimo hiki mara nyingi. La kwanza ni kuzima makaa kwa maji. Makaa yaliyolowa huwa mazito, mizani itasoma kwamba yamebaki mengi, nawe utafurahia makaa yaliyookolewa na maji. La pili ni kupima siku tatu za kwanza wakati nyumba ina wageni au kuna siku ya githeri, kisha siku tatu za pili zikawa za mboga na chai tu. Andika idadi ya waliokula na kilichopikwa kila siku. Ikiwa siku hazifanani, zirudie.

Hatua ya 3: Geuza kilo ziwe gorogoro, kisha shilingi

Mnunuzi hajui kilo ya makaa ni nini, kwa sababu hajawahi kuuziwa makaa kwa kilo. Jaza gorogoro ya muuza makaa vile anavyoijaza yeye, pamoja na kile kilele anachoongeza juu, upime. Rudia mara tano na uchukue wastani.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tarakimu zake ni za kuonyesha hesabu tu. Zako zitoke kwenye mizani yako. Nyumba ya watu watano ilitumia kilo 4.2 kwa siku tatu za jiko la kawaida, yaani kilo 1.4 kwa siku. Kwa jiko jipya ilitumia kilo 2.7 kwa siku tatu, yaani kilo 0.9 kwa siku. Tofauti ni nusu kilo kwa siku, au kilo 3.5 kwa wiki. Ikiwa gorogoro moja ya makaa ina kilo 0.7, nyumba hiyo ilikuwa ikinunua gorogoro 14 kwa wiki na sasa inahitaji 9. Imepunguza gorogoro 5. Gorogoro ikiuzwa shilingi 70, hizo ni shilingi 350 kwa wiki.

Kwa asilimia, hiyo ni kama 36. Ziweke kando tarakimu hizo mbili, "asilimia 36" na "gorogoro 14 zimekuwa 9", kisha umsomee mama wa jirani zote mbili umwangalie uso. Ya kwanza ataipokea kwa adabu. Ya pili ataifanyia hesabu papo hapo kwa makaa yake mwenyewe.

Sasa tuseme nyumba ya pili ilipunguza gorogoro 4, na ya tatu ikapunguza moja tu. Usiitupe nyumba ya tatu, kwani hiyo ndiyo itakayokufundisha kuandika. Nenda ukaangalie inavyopika. Mara nyingi utakuta mpishi amerundika makaa hadi juu kama alivyozoea kwenye jiko kubwa, sufuria imekaa juu ya rundo badala ya kukaa kwenye vishikio, na kimlango cha hewa kiko wazi tangu maharagwe yaanze kuchemka. Jiko lolote lililojazwa hivyo litakula makaa. Mwonyeshe namna ya kulijaza na kufunga kimlango, kisha pima siku tatu nyingine. Tuseme safari hii alipunguza gorogoro 3. Sasa unayo kauli unayoweza kuisimamia: gorogoro 3 hadi 5 kwa wiki. Unajua pia kwamba kauli hiyo ni kweli kwa sharti moja tu, nalo ni lazima liandikwe ndani ya tangazo.

Hatua ya 4: Andika maneno ya bajeti, na malipo yaendane nayo

Anza na swali ambalo mnunuzi tayari anajua jibu lake, kisha mpe kipimo, kisha bei. Usianze na jina la jiko wala na mwaka ambao kampuni ilianza.

Kizuizi kikubwa kwa mnunuzi wa gorogoro si kutokuamini hesabu yako. Akiba huja kwa shilingi hamsini hamsini kila siku, ilhali bei ya jiko hutakiwa yote mara moja. Ikiwa jiko ni shilingi 3,500, anayenunua makaa ya leo kwa pesa za leo hana 3,500 popote. Kwa hiyo sentensi ya malipo ina uzito sawa na ya makaa, nayo ipangwe kwa kuangalia nyumba iliyookoa kidogo kuliko zote, si ile iliyookoa zaidi. Katika mfano wetu, nyumba ya chini iliokoa gorogoro 3, sawa na shilingi 210 kwa wiki. Ukimtaka alipe 350 kila wiki kwa wiki kumi, atalazimika kuongeza 140 kutoka kwa pesa za unga, na kufikia wiki ya nne atakuwa amekukimbia. Ukimwambia aanze na 500, kisha alipe 200 kila wiki kwa wiki 15, jumla ni ileile 3,500, na hata nyumba iliyookoa kidogo italipa kwa pesa ambazo ingempa muuza makaa. Ukiuza kupitia chama, siku ya kulipa iwe siku ya mkutano wao, na uitaje katika tangazo.

Onyo moja kuhusu bei ya makaa: huyumba. Wakati serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma mwaka wa 2018, makaa yalipanda bei, na tangazo lolote lililochapishwa kwa bei ya zamani likapitwa. Andika "kwa gorogoro ya shilingi 70" waziwazi, ili anayesoma wakati bei imebadilika aweze kurekebisha hesabu mwenyewe. Idadi ya gorogoro haitabadilika hata bei ikipanda.

Hatua ya 5: Andika maneno ya moshi bila kudanganya

Hatua hii nakuomba uisome mara mbili. Makaa ni kuni ambazo tayari zimechomwa hadi sehemu kubwa ya moshi ikatoka huko kwenye tanuri. Ndiyo maana jiko la makaa likishakolea huonekana halina moshi. Moshi unaouona jikoni hutokea wakati wa kuwasha, nao huzidi ikiwa mtu anawashia kwa mafuta ya taa, vipande vya plastiki au makaa ambayo hayakuiva vizuri.

Lakini makaa yaliyokolea, yakiwa mekundu na safi kwa macho, hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huzuia damu kubeba oksijeni, na dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito ambao mtu anaweza asiamke tena. Jiko linalotumia makaa machache halikomeshi hewa hiyo, na kufunga kimlango cha hewa ili makaa yaende polepole hakuifanyi iwe salama. Katika miinuko ya Nakuru, ambako usiku wa Julai mtu hutamani kuvuta jiko karibu na kitanda, maneno "halina moshi, salama ndani ya nyumba" ni maneno ya hatari. Msomaji akiamini kwamba hakuna moshi, ataamini pia kwamba hakuna sumu.

Basi uandike nini? Andika kile ulichopima. Washa majiko yote mawili nje, kwa makaa na vijiti vya kuwashia kama mpishi anavyofanya kwa kila jiko, na uhesabu kwa saa dakika ambazo moshi unaonekana. Ikiwa ni dakika 12 kwa la kawaida na 7 kwa jipya, hiyo ndiyo kauli yako. Ukitaka kutaja afya, tumia maneno ya wateja wenyewe. Mama hasemi "mapafu". Anasema macho yanawasha, kifua kinabana, mtoto anakohoa. Mapafu mwachie daktari. Unaweza kusema kwa haki kwamba moshi wa jikoni huumiza macho na kifua, na kwamba watoto wadogo huathirika zaidi, kwani Shirika la Afya Duniani linauhusisha moshi wa ndani ya nyumba na nimonia ya watoto walio chini ya miaka mitano. Usiseme kwamba jiko lako linakinga nimonia au linaponya pumu.

Wengine hutaka kuweka ile takwimu ya shirika hilo ya vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani. Ni takwimu ya kweli, lakini mimi huikataa kwenye bango. Inajumlisha kuni, samadi, mafuta ya taa na vingine vingi, na haisemi lolote kuhusu tofauti ya jiko moja la makaa na jingine. Pia inamtisha mtu ambaye hana njia nyingine ya kupika jioni hiyo.

Kama mteja wako anatoka kwenye mafiga matatu na kuni, hali ni tofauti. Kwake moshi utapungua kwa kiasi kikubwa, na una haki ya kusema hivyo. Hata hivyo, atakuwa anaanza kununua makaa ambayo labda hakuyanunua awali, kwa hiyo usimwandikie kwamba anaokoa pesa. Mwenye kuni za bure huenda akahitaji jiko la kuni lililoboreshwa badala ya hili unalouza.

Hatua ya 6: Ongeza mambo matatu ambayo mnunuzi atauliza

La kwanza ni kikombe cha udongo: kikipasuka, kinapatikana wapi na kwa bei gani? La pili ni ukubwa wa sufuria, kwa kuwa nyumba ya watu wanane haiwezi kusongea ugali juu ya jiko dogo bila mtu wa pili kulishikilia. La tatu ni dhamana, kwa miezi na kwa maneno kamili ya kile inachofunika. Usiweke alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, isipokuwa mtengenezaji amepewa kibali na unacho mkononi.

Sheria nayo inahusika. Kifungu cha 46 cha Katiba kinazungumzia matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Daftari lako la vipimo ndilo litakalokutetea, kwa hiyo lihifadhi.

Hatua ya 7: Liunganishe, kisha lisome kwa sauti

Haya ni maneno ya bango la mfano wetu:

UNANUNUA GOROGORO NGAPI ZA MAKAA KWA WIKI?
Nyumba tatu za Nyalenda zilipima makaa siku tatu kwa majiko yao ya kawaida ya udongo, kisha siku tatu kwa jiko hili. Kwa makadirio ya wiki, zilipunguza gorogoro 3 hadi 5.
Kwa gorogoro ya shilingi 70, hizo ni shilingi 210 hadi 350 kila wiki.
Bei ni shilingi 3,500. Anza na 500, kisha 200 kila wiki kwa wiki 15.
Weka makaa hadi kwenye mstari wa ndani ya jiko, usirundike. Chakula kikichemka, punguza hewa kwa kimlango.
Tulipowasha, moshi ulikwisha kwa dakika 7 badala ya 12. Washia nje, macho na kifua vipumzike.
Makaa yoyote hutoa hewa ya sumu isiyoonekana. Unapopika, fungua mlango na dirisha. Usilale na jiko ndani.

Kwa redio, ambako sekunde 30 hubeba maneno kama 60, huwezi kuyasema yote. Acha dhamana na vipimo vya sufuria, ubaki na gorogoro, malipo na onyo:

"Mama, wiki hii umenunua gorogoro ngapi za makaa? Nyumba tatu za Nyalenda zilipima, zikapunguza gorogoro tatu hadi tano kwa wiki kwa jiko hili. Anza na shilingi mia tano, kisha mia mbili kila wiki kwa wiki kumi na tano. Njoo Kibuye ulione likisonga ugali. Na kumbuka: ni jiko la makaa. Fungua dirisha unapopika, na usilale nalo ndani."

Onyo lisisomwe haraka haraka kwa sauti ya chini kama masharti ya bahati nasibu. Mwambie mtangazaji alisome kwa mwendo uleule. Kwa ujumbe wa WhatsApp, tuma picha ya jiko likiwa limejazwa ipasavyo, makaa yakiwa chini ya vishikio, kwa sababu watu wataiga picha kabla ya kusoma maneno. Nimeona matangazo mengi yenye picha ya jiko lililorundikwa makaa mekundu yanayopendeza, na kila picha ya namna hiyo inafundisha watu kupoteza makaa.

Kabla ya kuchapisha, mpe mtu asiyeuza majiko alisome kwa sauti, kisha mwulize mambo mawili bila kumwonyesha tena: ataokoa kiasi gani, na ni wapi asiliweke jiko. Akikosa mojawapo, sentensi hiyo iandikwe upya.

Matatizo yanayojitokeza baada ya bango kutundikwa

Watu wanasoma na kuuliza, lakini hawanunui. Angalia sentensi ya malipo kwanza. Ikiwa wanauliza "pesa zote mara moja?", basi masharti yako hayaonekani au ni mazito. Ikiwa wanauliza "kweli?", chukua mizani uende nayo sokoni, upike mbele yao chakula cha kweli ukianza na makaa yaliyopimwa na kumaliza kwa kupima yaliyobaki.

Mnunuzi anarudi akisema halipunguzi makaa. Usibishane naye dukani. Mwulize anapika nini, ana jiko gani lingine, na kama anayepika ndiye aliyelinunua. Mara nyingi aliyelinunua ni baba, na anayepika ni msichana wa kazi ambaye hakuona mstari wala kusoma bango. Nenda nyumbani kwao mara moja. Ukikuta makaa yanajazwa sawa na kimlango kinafungwa ila tofauti haipo, angalia kikombe cha udongo. Ufa mwembamba wa nywele si jambo kubwa, lakini ufa unaopitisha hewa au pengo kati ya udongo na bati hufanya joto lipotelee pembeni, na utalihisi ukikaribisha kiganja ubavuni mwa jiko. Hapo dhamana inakuhusu wewe.

Analalamika kwamba ugali unachelewa. Hii huwa kweli kwa baadhi ya majiko, hasa kama kimlango kimeachwa kimefungwa tangu maharagwe ya mchana au majivu yameziba matundu ya chini. Akishayaondoa majivu na kufungua kimlango, na bado ugali unachelewa, basi jiko ni dogo kwa sufuria yake, na bango lako lilipaswa kusema hivyo. Mbadilishie, kisha ongeza mstari mmoja wa ukubwa wa sufuria katika uchapishaji unaofuata.

Jirani yako kibandani anatangaza "asilimia 70" na anauza zaidi. Usipandishe tarakimu yako. Ongeza chini ya bango maneno "Tulipima. Daftari liko hapa, uliza ulione", na uliweke daftari mezani likiwa na kamba ili lisiondoke.

Mteja anasema alipatwa na maumivu ya kichwa akipika. Acha mambo ya mauzo. Mwambie atoke nje kwenye hewa mara dalili hizo zinapomjia, afungue mlango na madirisha, alitoe jiko nje, na aende hospitali ikiwa hali haitulii au kama kuna mtoto au mama mjamzito aliyekuwa naye chumbani. Kisha rudi kwenye bango lako uangalie onyo limeandikwa kwa herufi za ukubwa gani. Likiwa dogo kuliko bei, lifute ulichore upya.